Simu ya upande mmoja katika mchezo wa redio: namna ya kumfanya asiyesikika aeleweke

Katika michezo mingi ambayo vikundi vya vijana na klabu za wasikilizaji wanaandikia redio, lazima simu italia. Sababu ni rahisi kuelewa. Simu inaleta habari ya mbali bila mtu kusafiri, na kikundi chenye waigizaji wawili au watatu tu hakilazimiki kutafuta mwingine. Mtu mmoja anaongea, yule wa upande wa pili hasikiki, na mchezo unaendelea.

Shida ni kwamba redio haina macho. Kwa teatri, watu wanaona uso wa mwigizaji anaposikiliza: anakunja kipaji, anakaa chini, anashika kichwa. Kwa redio, mtu anaposikiliza simu, sisi tunasikia kimya tu. Kwa hiyo kila kitu ambacho yule wa mbali anasema lazima kipitie katika kinywa cha yule tunayemsikia, na bado kinywa hicho kiongee sawa vile watu wanaongeaka kwa kweli. Hapo ndipo waandishi wengi wanakwama.

Kosa la kasuku

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mama Neema anakaa Uvira na anauza ndagala. Mtoto wake Bahati anasoma Bukavu, mwaka wa mwisho wa sekondari, na anakaa kwa shangazi yake. Siku ya Mungu mangaribi, Bahati anapiga simu kuomba pesa. Sisi tunataka msikilizaji aelewe kwamba Bahati anadanganya: walimfukuza kwa masomo na anaogopa kusema. Bahati hatasikika hata neno moja.

Mwandishi asiyezoea ataandika hivi:

MAMA NEEMA: Alo, Bahati! Unasema kwa masomo wanadai tena dola makumi tatu za egzamini? Unasema prefe ametoka sasa hivi? Unasema huo muziki ninaosikia ni wa redio ya jirani?

Habari zote zimo, lakini hakuna mtu anayeongea hivyo. Mama amekuwa kasuku: anarudilia maneno ya mtoto ili sisi tusikie, na msikilizaji anahisi mara moja kwamba anaongea na sisi, haongei na Bahati. Kuna hasara nyingine kubwa zaidi. Mama akirudilia sentensi nzima, hatujui yeye mwenyewe anafikiri nini. Je, anaamini? Ana mashaka? Amekasirika? Maneno ya mtoto yamekula nafasi ya mama.

Kosa hili linatokea kwa sababu mwandishi alianza kuandika upande mmoja tu. Hajui vizuri Bahati anasema nini, basi anabuni njiani na kumtwika mama kila kitu.

Andika pande zote mbili, kisha ufute mmoja

Dawa yake ni kuandika kwanza mazungumzo mazima, watu wawili, sawa vile wote wangesikika:

MAMA NEEMA: Alo?
BAHATI: Alo, mama. Jambo.
MAMA NEEMA: Jambo, mwanangu. Kwa shangazi wako wazima?
BAHATI: Tuko wazima wote.
MAMA NEEMA: Aksanti kwa Mungu.
BAHATI: Mama, niko na shida kidogo. Huku kwa masomo wanadai tena pesa ya egzamini.
MAMA NEEMA: Tena? Na zile dola makumi ine?
BAHATI: Zile zilikuwa za kwanza tu. Sasa wanaomba makumi tatu za mwisho.
MAMA NEEMA: Siku hizi ndagala hazitoki, mwezi umejaa. Nipe prefe, nimuombe mwenyewe.
BAHATI: Prefe ametoka sasa hivi tu. Tulikuwa naye hapa kwa biro.
MAMA NEEMA: Leo siku ya Mungu, prefe alikuwa kwa biro?
BAHATI: Mama, mbona unaniuliza sawa vile mimi ni mwizi?
MAMA NEEMA: Sikuiti mwizi. Huo muziki ni wa wapi?
BAHATI: Ni redio ya jirani.
MAMA NEEMA: Jirani wa biro ya prefe?
BAHATI (analia): Mama, unisamehe.
MAMA NEEMA: Usilie. Walikufukuza tangu lini?
(Bahati anakata simu.)

Sasa chukua kalamu na upige mstari juu ya maneno yote ya Bahati. Soma yale yaliyobaki. Utaona kwamba sehemu kubwa inasimama yenyewe, kwa sababu mama anamjibu mtu ambaye kweli alisema kitu. Sehemu chache tu zimekuwa giza. Bila Bahati, hatujui zile dola makumi ine zilikuwa za nini, wala sasa anaomba ngapi. Hizo ndizo sehemu za kutengeneza, nazo ni chache kuliko ulivyodhani.

Kabla simu haijalia

Msikilizaji anahitaji mambo mawili kabla ya simu: jina la yule atakayepiga, na kitu ambacho mama anaweza kupoteza. Ukiyaweka mbele, simu yenyewe haitabeba mzigo mkubwa. Mistari mine inatosha. Neema, dada mdogo wa Bahati, yuko karibu na moto pamoja na mama yake:

NEEMA: Mama, hii bahasha ni ya nini?
MAMA NEEMA: Ni pesa ya kununua ndagala mwezi ukipungua. Usiiguse.
NEEMA: Na yaya Bahati atakuja lini?
MAMA NEEMA: Akimaliza egzamini ya serikali.

Watu wa Uvira wanajua jambo hili vizuri: ndagala zinavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka sana samaki hawafuati taa, mavuno yanapungua. Kwa hiyo bahasha hiyo ni kazi yote ya mama. Akiitoa leo, mwezi ukipungua hatakuwa na pesa ya kununulia mali. Msikilizaji ameshajua hayo bila kuambiwa.

Sasa simu inalia.

MAMA NEEMA: Alo? (Sekunde 1.) Jambo, mwanangu. Kwa shangazi wako wazima? (Sekunde 1.) Aksanti kwa Mungu.
(Sekunde 5. Kijiko kinaacha kugonga sufuria.)
MAMA NEEMA: Tena? Bahati, na zile dola makumi ine za egzamini?
(Sekunde 4. Mama: «Mm… mm.»)
MAMA NEEMA: Makumi tatu! Papa, siku hizi ndagala hazitoki, mwezi umejaa. (Anapumua.) Neema, lete ile bahasha. (Kwa simu.) Lakini nipe prefe kwanza, nimuombe mwenyewe.
(Sekunde 4.)
MAMA NEEMA: Ametoka. (Polepole.) Leo siku ya Mungu, na prefe alikuwa kwa biro?
(Sekunde 3.)
MAMA NEEMA: Sikuiti mwizi. Niko nauliza tu. Bahati… huo muziki ni wa wapi?
(Sekunde 1.)
MAMA NEEMA: Ya jirani. Kwa biro ya prefe kuko jirani wa kupiga muziki?
(Sekunde 4. Moto tu unasikika.)
MAMA NEEMA: Usilie. (Sekunde 2.) Papa, usilie. Walikufukuza tangu lini?
(Sekunde 3.)
MAMA NEEMA: Alo? Alo?
NEEMA: Ni yaya Bahati? Anasema nini?
MAMA NEEMA: Anakusalimia. (Kimya.) Rudisha bahasha kwa sanduku. Halafu tuite shangazi yako.

Bahati hakusikika hata mara moja, lakini tunajua aliomba nini, alidanganya wapi, alikasirika lini, na alilia lini.

Kazi inafanyika wapi

Angalia kwanza maneno ambayo mama anarudilia: «Ametoka», «Ya jirani». Kurudilia siyo dhambi. Watu wanarudilia kwa simu wanaposhangaa, wanapokuwa na mashaka, au wasiposikia vizuri. Lakini wanarudilia neno moja au mawili, siyo sentensi nzima, na neno hilo linabeba moyo wao. Mama akisema «Ametoka» kwa sauti ya chini, tunapata habari mbili kwa pamoja: Bahati amesema prefe ametoka, na mama hajaamini.

Reso mbaya pia inaweza kukusaidia. «Nini? Sikusikia, makumi ngapi?» ni kitu ambacho kila mtu wa huku amekisema. Lakini utumie mara moja tu kwa mchezo mzima. Ukiitumia mara tatu, msikilizaji atajua kwamba aliyeishiwa ni mwandishi, siyo reso.

Angalia kisha pale mama anaposema «Sikuiti mwizi». Kukana ni njia yenye nguvu kuliko kurudilia. Mtu akikana, tunajua mara moja mwenzake amemlaumu kitu gani, hata kama hatukusikia. «Hapana, sikusahau» inatuambia kwamba wa mbali amesema umesahau. «Basi usije» inatuambia kwamba alitaka kuja. «Usilie» inatuambia kwamba machozi yametoka. Kila mara unapotaka kuandika «Unasema kwamba…», jaribu kutafuta jibu ambalo lingetoka baada ya maneno hayo, uandike jibu peke yake.

Tatu ni namna ya kumuita mtu. «Mwanangu» na «papa» zinatosha kuonyesha kwamba anaongea na mtoto wake, bila kusema «Bahati mtoto wangu wa kwanza unayesoma Bukavu». Kama angekuwa anaongea na prefe, sauti ingenyooka na angeanza na salamu ndefu, pengine na maneno mawili ya Kifaransa. Kwa chefu wa kartie angesema «ndiyo, chefu». Kwa shangazi, wifi yake, angeweza kusalimia kwa lugha ya nyumbani kisha akarudi kwa Kiswahili. Huku kwetu tunabadilisha lugha kufuatana na mtu, na sikio la msikilizaji linakamata jambo hilo haraka sana.

Mwisho ni kile mama anachofanya kisha simu. Neema anauliza, na mama anajibu «Anakusalimia». Ni uongo mdogo, na msikilizaji anajua ni uongo, kwa hiyo anahakikisha mwenyewe kwamba alielewa simu. Halafu bahasha inarudi kwa sanduku. Mama hasemi «sitatuma pesa». Kama simu ingeeleweka nusu tu, bahasha ingemalizia nusu iliyobaki.

Kimya kinapimwa

Zile sekunde hazikuwekwa kwa kubahatisha. Zinatoka katika maneno ya Bahati yaliyofutwa. «Mama, niko na shida kidogo. Huku kwa masomo wanadai tena pesa ya egzamini»: soma kwa sauti ya kawaida huku unaangalia saa ya simu yako, utapata karibu sekunde 5. «Ni redio ya jirani» ni sekunde 1 tu. Mwigizaji akiacha sekunde 1 pale ambapo Bahati alieleza mambo marefu, msikilizaji anahisi kwamba hakuna mtu upande wa pili. Hilo ndilo kosa la kwanza kwa mwigizaji: anajibu haraka mno, kwa sababu anajua mstari unaofuata.

Njia nzuri ya kuzuia kosa hilo ni kutotupa karatasi yenye pande zote mbili. Wakati wa repetisyo, mtu mwingine asome Bahati kwa sauti, mara tatu au ine. Siku ya kurekodi, mtu huyo asimame mbele ya mama, mbali na mikro, na asome maneno yale kwa midomo tu bila kutoa sauti. Mama atangoja muda wa kweli, na atapumua, atashtuka, ataanza kukatiza pale anapotakiwa. Hata zile «mm» zitatoka zenyewe.

Lakini kimya cha redio kina mpaka wake. Sekunde 5 bila sauti yoyote ni nyingi, na mtu aliye njiani au kwa soko ataanza kupigapiga redio yake akifikiri batri imekufa. Ndiyo maana katika mfano wetu moto unaendelea kulia na kijiko kinagonga sufuria. Weka sauti ya mahali tangu mwanzo, kabla ya simu, na iendelee chini mpaka mwisho. Wakati wa montaji, usiikate pale mama anaponyamaza. Na kijiko kikisimama ghafla, kimya hicho kinaonyesha kwamba habari imemgusa.

Wapi simu ya upande mmoja haifai

Namna hii si ya redio peke yake, na si mpya. Mwaka 1930, Mfaransa Jean Cocteau alionyesha Paris mchezo «La Voix humaine», yaani Sauti ya Binadamu. Ni mwanamke mmoja na simu, anaongea na mwanaume anayemuacha, na mwanaume huyo hasikiki mpaka mwisho. Laini inakatika, na mwanamke anapiga tena kwa nyumba ya mwanaume. Mtumishi ndiye anayejibu, na kutokana na maneno ya mwanamke tunaelewa kwamba bwana hayuko pale, alimdanganya. Laini mbaya iliyotusumbua sisi ilimsumbua na yeye, naye akaitumia kufungua uongo.

Mfano huo unaonyesha pia simu ya upande mmoja inafaa kwa kitu gani: kuonyesha namna habari inavyomwangukia mtu. Haifai kwa kufundisha. Kama mchezo wako ni wa kipindupindu na mganga anaeleza kwa simu namna ya kuchanganya dawa ya maji na chumvi, usimfiche mganga. Mweke asikike, au mwenye kupokea aandike na asome anachoandika: «Pakiti moja… maji litre moja.» Kusoma huku ukiandika ni kurudilia kwa kweli, watu wanafanya hivyo kila siku. Lakini kipimo ambacho kikisikiwa vibaya kinaweza kumdhuru mtoto hakiachiwi msikilizaji akikisie.

Kuna hatari nyingine inayohusu majimbo yetu. Simu iliyoandikwa vizuri inafanana na simu ya kweli. Mtu akifungua redio katikati na kusikia mama akisema «Wamefika wapi? Mmetoka na watoto?», anaweza kufunga mizigo. Kwa hiyo mchezo utangazwe kuwa mchezo mbele na nyuma, na wimbo wake unaojulikana uwekwe karibu na simu yenyewe. Kijiji kinachotajwa katika habari za vita kiwe cha kubuni. Na kamwe mwigizaji asitaje namba nzima ya simu, sababu namba hiyo ina mwenyewe, na watu watampigia.

Kujua kama imeeleweka

Wewe mwandishi huwezi kupima, kwa sababu Bahati bado anaongea kichwani mwako. Tafuta watu watatu ambao hawakusoma karatasi. Wasikilizishe mara moja tu, kwa redio ndogo au kwa simu, wakiwa wanafanya kazi yao nyingine, kwa maana ndivyo redio inavyosikilizwa. Kisha uwaulize maswali mane: Nani alipiga? Alitaka nini? Alisema kweli? Mama atafanya nini sasa?

Wawili wakishindwa swali moja, shida iko kwa karatasi, siyo kwa masikio yao. Wakikosa la kwanza, ongeza namna ya kuita au mstari mmoja kabla ya simu. Wakikosa la pili, jibu fulani la mama limebaki giza. La tatu linatoka mara nyingi kwa mwigizaji: amesema «Ametoka» haraka mno, bila mashaka. Na wakikosa la ine, usiongeze maneno ndani ya simu. Angalia tena kile mama anachofanya kisha kuiweka chini.